Barua ya pongezi kwa timu: jinsi ya kuiandika ili kazi yenyewe ionekane

Barua nyingi za pongezi maofisini zinafanana. Zinaanza na “kichwa cha habari hapo juu chahusika”, zinasifu juhudi, moyo wa kujituma na uzalendo, kisha zinamalizika kwa kuwatakia wahusika kazi njema. Ukibadilisha jina la idara, barua ya wahasibu inawafaa madereva. Barua ya namna hiyo haimsaidii mtumishi, kwa sababu miaka mitatu baadaye jalada lake likifunguliwa wakati wa kupandishwa cheo, anayesoma hapati jibu la swali lake: huyu alifanya nini, na taasisi ilipata nini?

Mwongozo huu unahusu barua inayojibu swali hilo. Tutatumia mfano mmoja wa kutunga tangu mwanzo hadi mwisho. Mamlaka ya maji ya mji wa wilaya imekatikiwa na bomba kuu la chuma la inchi 8 mahali linapovuka mto, usiku wa Jumamosi, wakati wa masika. Timu ya dharura imelirudisha kazini Jumatatu asubuhi, mapema kuliko ilivyozoeleka. Mkurugenzi anataka kuipongeza, na wewe ndiye umeambiwa uandae rasimu.

Kusanya kumbukumbu kabla ya kushika kalamu

Kosa la kwanza ni kuandika kwa kutegemea mkuu wa timu alichosimulia. Atasimulia vizuri, ila atakumbuka alichokiona yeye. Alikuwa mtoni, kwa hiyo hajui kwamba mtunza ghala aliamshwa usiku akaja kufungua ghala, wala kwamba binti wa dawati la wateja alituma taarifa kabla mji haujaamka.

Pitia karatasi. Daftari la zamu la kituo cha kusukuma maji litakupa saa bomba lilipokatika na saa valvu ilipofungwa. Hati za kutolea vifaa ghalani zina muda na sahihi. Logibuku ya boza ina safari, kilomita na alikopeleka maji. Dawati la wateja lina rejista ya malalamiko, na maabara ina fomu ya vipimo. Jumbe za kundi la simu la mafundi nazo zinafaa kulinganishia saa, lakini zisiwe ushahidi pekee.

Katika mfano wetu, karatasi zimetoa mtiririko huu. Bomba lilikatika Jumamosi saa 4:10 usiku. Fundi wa zamu alifunga valvu ya juu ya mto saa 4:35. Ghala lilifunguliwa saa 5:20 usiku. Ujumbe wa simu ulitumwa kwa wateja Jumapili saa 12:30 asubuhi. Boza la lita 10,000 lilipeleka safari nne hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo. Mto ulikuwa umejaa mpaka saa 10 jioni. Bomba jipya liliunganishwa na kukazwa saa 11:30 alfajiri ya Jumatatu, likasafishwa na kupimwa, na maji yakafunguliwa kwa wateja saa 3:30 asubuhi. Jumla ni saa 35 na dakika 20.

Sasa tafuta tukio la kulinganisha, maana saa 35 peke yake haisemi kitu. Ukirudi nyuma kwenye madaftari unakuta bomba hilo hilo lilikatika mahali pale pale Machi 2022, na maji yalirudi baada ya saa 74. Hakikisha matukio mawili yanalingana kweli: bomba lile lile, mahali pale pale, msimu ule ule. Ukilinganisha kukatika kwa bomba la mtoni na kupasuka kwa bomba la mtaani, mhandisi yeyote atakayesoma ataitupa barua yako.

Chagua matendo, usiorodheshe shughuli

Kazi ya saa 35 ina mambo hamsini. Barua inabeba matatu au manne. Kigezo cha kuchagua ni swali moja: kama jambo hili lisingefanyika, matokeo yangebadilika? Kuchimba mtaro, kubeba mabomba na kukesha ni kazi ya kawaida ya timu ya dharura, na ingefanyika hata safari ile ya saa 74. Unachotafuta ni kile kilichofanyika safari hii tu.

Ukiketi na fundi mkuu na kumuuliza “mlipunguza wapi muda?”, jibu linatoka. Machi 2022 walisubiri mto upungue, ndipo wakaanza kukata na kuchomelea vipande vya bomba ndani ya mtaro. Safari hii hawakusubiri. Jumapili saa 2 asubuhi, mto ukiwa bado umejaa, walipima upana, wakachomelea vipande viwili vya mita sita juu ya ardhi kavu ukingoni, na wakaweka flanji, yaani sahani za chuma za kuungia bomba kwa bolti, kwenye ncha zote mbili. Maji yalipopungua jioni kilichobaki kilikuwa kushusha kipande kimoja kilicho tayari na kukaza bolti. Hilo ndilo tendo kuu, na ndilo litakalobeba barua.

La pili ni valvu. Tangi la mita za ujazo 500 lilikuwa na mita 410 bomba lilipokatika. Valvu ilipofungwa baada ya dakika 25 zilibaki 320. Kwa akiba hiyo mitaa ya juu, isiyotegemea bomba la mtoni, iliendelea kupata maji kwa mgawo. Mwaka 2022 tangi lilikauka kabla valvu haijafikiwa.

La tatu ni mchanganyiko wa boza na taarifa. Hospitali ilipelekewa lita 40,000, na wateja walijua mapema.

La nne linasahaulika kwa urahisi, nalo ni uamuzi wa kutofungua maji mara bomba lilipokaa. Mtu wa maabara alitaka bomba lisafishwe kwa kumwaga maji kupitia tundu la chini la kutolea uchafu, kisha klorini iliyobaki majini ipimwe. Kipimo cha kwanza hakikuridhisha, wakarudia, na maji yakaruhusiwa yalipofika miligramu 0.4 kwa lita. Zoezi hilo lilikula saa nne. Kwa hesabu ya haraka linaonekana ni ucheleweshaji, na kuna mameneja watakaokuambia usilitaje. Litaje. Ukisifu kasi peke yake, timu ijayo itaelewa kwamba kupima maji ni hiari.

Hapo hapo kuna jambo la kuacha nje. Tuseme fundi mmoja aliogelea kuvuka mto uliofurika akiwa na kamba kiunoni. Kila mtu anamsimulia, na mkono unawasha kuliandika. Usiliandike. Barua yenye sahihi ya mkurugenzi inayosifu tendo lililovunja kanuni za usalama inageuka kuwa idhini, na mtu akizama mwaka ujao, ndiyo itakayotolewa mezani. Kama ujasiri wake lazima utambuliwe, taja kazi aliyoifanya upande wa pili, si namna alivyofika huko.

Pima matokeo bila kuyapamba

Hapa ndipo barua nyingi huharibika, kwa kukosa namba au kwa kuzidisha namba.

Anza na fedha, maana uongozi utaziulizia. Tofauti ya saa 74 na saa 35 ni takriban saa 39. Bomba hilo hupitisha wastani wa mita za ujazo 60 kwa saa, kwa hiyo ni mita za ujazo 2,340 zilizopita ambazo zisingepita. Mtu mwenye haraka atazizidisha kwa bei na kuandika faida. Lakini si maji yote yanayopita bombani yanauzwa; kama mamlaka inapoteza asilimia 30 njiani, yanayofika kwenye dira za wateja ni mita 1,638. Kwa bei ya wastani ya shilingi 1,600, hiyo ni kama shilingi milioni 2.6. Hata hapo bado kuna tundu: maji yakirudi baada ya kukatika, watu hujaza mapipa na matangi, na sehemu ya mauzo “yaliyopotea” hurudi yenyewe. Kwa hiyo namba hii ni kikomo cha juu. Iandike kama “makadirio yasiyozidi shilingi milioni 2.6”, au iache kabisa. Katika mfano huu tutaiacha, kwa sababu yapo matokeo yenye nguvu zaidi.

Tokeo lenye nguvu ni hospitali. Ila usiandike “mliokoa maisha ya wagonjwa” kwa sababu tu boza lilifika. Mpigie Katibu wa Afya wa hospitali umwombe athibitishe kwa maandishi ni huduma zipi zingesimama. Akijibu kwamba chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi viliendelea bila kukatishwa, andika hivyo hivyo, usiongeze hata neno. Matokeo yanayothibitishwa na mtu wa nje ya taasisi yana uzito kuliko namba kumi za ndani.

La malalamiko linahitaji uangalifu wa aina nyingine. Mwaka 2022 dawati lilipokea simu 412, safari hii 96. Ukiandika kwamba malalamiko yamepungua kwa zaidi ya robo tatu, umesema kweli ila umedanganya kidogo, kwa sababu tukio lenyewe lilikuwa fupi. Gawanya kwa saa: simu 412 kwa saa 74 ni kama 5.6 kila saa. Simu 96 kwa saa 35 ni kama 2.7. Zimepungua kwa nusu hivi. Nusu hiyo unaweza kuihusisha na ujumbe uliotumwa mapema, kwa neno la tahadhari kama “kwa sehemu kubwa”, na hakuna atakayekupinga.

Majina

Barua ya timu isiyo na majina haiingii kwenye jalada la mtu yeyote. Andika majina matatu ya kila mmoja kama yalivyo kwenye jalada lake, cheo, na kwa watumishi wa umma Tanzania, cheki namba. Mpangilio uwe wa alfabeti. Ukipanga kwa vyeo, watu wataisoma orodha kabla ya kuisoma barua, na dereva aliyekesha safari nne atajikuta chini ya meneja aliyepiga simu mbili.

Wanaoachwa mara nyingi ni wale wasiokuwa kwenye picha: mtunza ghala, dereva, mtu wa maabara, mlinzi aliyefungua geti la karakana, na vibarua. Vibarua wana shida ya pekee kwa kuwa hawana jalada binafsi. Wape nakala mkononi, yenye mhuri na sahihi ya wino, kwa sababu kwao barua hiyo ndiyo wasifu wa kuombea kazi.

Upande wa pili wa shilingi ni wanaotaka kuingizwa. Orodha ilinganishe na daftari la mahudhurio ya saa zile. Anayeonekana kwenye kundi la simu tu, hakufanya kazi.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja, na orodha ya majina kama kiambatisho. Aya ya kwanza itaje tukio na tokeo kuu papo hapo. Aya ya pili na ya tatu zibebe matendo, kila tendo likifuatwa na athari yake katika sentensi hiyo hiyo au inayofuata. Aya ya mwisho iseme taasisi itafanya nini na funzo hilo. Kenya wengi wataandika KUH: mahali pa YAH:, lakini mwili wa barua haubadiliki.

> Kumb. Na. ……………
> Tarehe: 22 Aprili 2024
>
> Timu ya Dharura ya Mtandao (majina kwenye Kiambatisho A)
> Kupitia kwa: Meneja wa Ufundi
>
> YAH: PONGEZI KWA KUREJESHA MAJI BAADA YA KUKATIKA BOMBA KUU LA MTONI, 13 HADI 15 APRILI 2024
>
> Kwa niaba ya Mamlaka nawapongeza kwa kurejesha huduma ya maji saa 35 baada ya bomba la inchi 8 kukatika usiku wa tarehe 13 Aprili. Bomba hilo lilipokatika mahali hapo Machi 2022, huduma ilirejea baada ya saa 74.
>
> Muda huo ulipungua hasa kwa sababu hamkusubiri mto upungue. Mlichomelea vipande viwili vya mita sita ukingoni na kuviwekea flanji mapema, hivyo maji yalipopungua ilibaki kushusha na kukaza. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa ghala lilifunguliwa saa 5:20 usiku na vifaa vyote vikatolewa kwa hati. Kabla ya hapo, valvu ya juu ya mto ilifungwa ndani ya dakika 25, tangi likabaki na mita za ujazo 320, na mitaa ya juu ikaendelea kupata maji kwa mgawo.
>
> Boza lilipeleka lita 40,000 hospitali ya wilaya. Hospitali imethibitisha kwa barua kwamba chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi havikusimama. Wateja walitaarifiwa kwa simu kabla ya saa 1 asubuhi ya Jumapili, na kwa sehemu kubwa kutokana na hilo, simu za malalamiko kwa saa zilipungua kwa takriban nusu zikilinganishwa na mwaka 2022. Aidha, hamkufungua maji mpaka bomba liliposafishwa na kipimo cha klorini kikafika miligramu 0.4 kwa lita. Uamuzi huo ulichukua saa nne, nao ulikuwa sahihi.
>
> Nimemwelekeza Meneja wa Ufundi aingize utaratibu wa kuandaa vipande vya bomba ukingoni katika mpango wa dharura, na vipande viwili vyenye flanji viwekwe akiba kabla ya mvua zijazo.
>
> (Sahihi)
> Mkurugenzi Mtendaji
>
> Nakala: Mkuu wa Rasilimaliwatu – tafadhali weka nakala katika jalada binafsi la kila aliyetajwa.

Angalia kisichokuwemo. Hakuna ahadi ya posho wala cheo. Kama motisha imeshaidhinishwa, itaje pamoja na kumbukumbu ya idhini. Kama haijaidhinishwa, kaa kimya, kwa sababu ahadi kwenye karatasi yenye kumbukumbu namba itadaiwa. Hakuna pia kijembe cha “hata hivyo mnakumbushwa kuwahi kazini”. Onyo lina barua yake.

Kwenye Kiambatisho A, mbele ya kila jina andika mstari mmoja wa alichofanya: “alifunga valvu ya juu ya mto saa 4:35 usiku”, “aliendesha boza safari nne”. Mstari huo ndio atakaounukuu mtumishi anapojaza tathmini yake kwenye PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS katika utumishi wa umma Tanzania. Asipoupata kwenye barua, atalazimika kujisifu mwenyewe, na msimamizi ataona aibu kukubali.

Kuipitisha na kuikabidhi

Rasimu ipeleke kwa mkurugenzi kwa dokezo, ukiambatisha kurasa za madaftari ulizotumia na barua ya hospitali. Kabla ya hapo mpe fundi mkuu na mtu wa maabara wasome aya zao. Wao ndio watakaogundua kwamba ni flanji na si kapilingi, au kwamba kipimo kilichoandikwa ni kile cha kwanza kilichokataliwa. Kosa dogo la kitaalamu kwenye barua ya pongezi linawachekesha mafundi wiki nzima, na pongezi inapoteza heshima.

Itoke ndani ya wiki mbili. Ikikaa mwezi, madaftari yameshajazwa mambo mengine, na waliohusika wameanza kuhesabu nani alisahau.

Maelekezo kwenye mstari wa Nakala ni ya lazima. Barua moja kwa watu tisa ikifika masjala bila maelekezo, inawekwa kwenye jalada la somo, pengine lile la matengenezo ya mtandao, na inaishia hapo. Chapisha nakala za kutosha mwenyewe, zote zikiwa na kiambatisho, uzipeleke kwa mkono, na baada ya wiki uombe uthibitisho kwamba zimepewa namba ya folio kwenye kila jalada.

Siku ya kukabidhi, isomwe kwa sauti kwenye kikao cha asubuhi mbele ya idara nyingine, na aisome aliyeisaini. Soma pia Kiambatisho A, jina kwa jina na mstari wake. Inachukua dakika nne hivi.

Ikigundulika baadaye kwamba mtu aliachwa, usimtulize kwa maneno. Andika barua ya nyongeza siku hiyo hiyo, itaje kumbukumbu namba ya ile ya kwanza, iseme wazi kwamba jina lake na kazi yake ni sehemu ya Kiambatisho A, na isainiwe na mtu yule yule. Wengine wote wapelekewe nakala, ili majalada yote yawe na orodha moja.